Krioli hufanana kwa kiasi gani? Tupime kwa vitenzi vya Haiti na Kinubi

*Kitabu kimoja nilichosoma kinasema krioli za dunia nzima zina sarufi inayofanana, hata zile ambazo wasemaji wake hawajawahi kukutana. Makala nyingine inasema hayo yameshapitwa na wakati. Nani yuko sahihi, na mimi nisiye mwanaisimu nawezaje kupima mwenyewe? Naomba mifano halisi, si nadharia tupu.*

Kufanana kupo, na ukikutana nako mara ya kwanza kunashangaza kweli. Kilichoshindwa kusimama ni dai linalobebwa juu yake: kwamba kuna umbo la sarufi ambalo ni la krioli peke yake, na kwamba lugha hulipata kwa sababu tu imezaliwa kama krioli. Watu wengi huyachanganya mambo haya mawili. Anayekataa la pili huonekana amekataa hata la kwanza, na mjadala unakwenda kombo hapo hapo. Mimi nakubali la kwanza na silikubali la pili, na nitakuonyesha kwa nini kwa kutumia kipande kimoja cha sarufi: maneno madogo yanayokaa kabla ya kitenzi kuonyesha wakati wa tendo.

Kwanza tuelewane kuhusu majina. Pijini ni lugha ya kusaidiana, inayotungwa na watu wazima wasio na lugha ya pamoja. Hakuna aliyezaliwa nayo. Krioli ni lugha kamili ya jamii, yenye watoto wanaoisema tangu utotoni, ambayo msamiati wake mwingi umetoka katika lugha moja (Kifaransa kwa Haiti, Kiarabu kwa Kinubi) huku walioiunda wakiwa na lugha zao nyingine kabisa. Nadharia ya zamani ilisema kila krioli ilianza kama pijini. Hilo lenyewe linabishaniwa, lakini kwa swali lako tunaweza kuliacha.

Aliyelipa dai la kufanana nguvu kubwa ni mwanaisimu Derek Bickerton, katika kazi yake ya mwaka 1981 iliyoegemea Hawaii. Hoja yake ilikuwa wazi. Katika mashamba ya miwa kulikuwa na Wajapani, Wareno, Wafilipino, Wachina na Wahawaii wenyewe, wakiongea pijini isiyo na sarufi thabiti. Mtoto aliyezaliwa hapo hakuwa na lugha timamu ya kuiga, hivyo akajaza mapengo kwa ramani ya lugha anayozaliwa nayo kila binadamu. Kama ramani ni moja, krioli zote lazima zifanane. Bickerton alikuwa makini kuweka masharti: alizihesabu tu krioli zilizotokana na pijini isiyozidi kizazi kimoja, mahali ambapo wenye lugha ya watawala hawakuzidi asilimia 20 ya watu, na asilimia 80 iliyobaki walikuwa wa lugha mbalimbali.

Sasa tuweke data mezani. Huu ni mfumo wa Krioli ya Haiti, kwa kitenzi *manje*, "kula":

*Mwen manje*: nilikula, au nimekula.
*M ap manje*: ninakula sasa hivi.
*M t ap manje*: nilikuwa ninakula.
*M ta manje*: ningekula.

Na huu ni wa Kinubi, krioli ya Kiarabu inayosemwa Kenya na Uganda na wazao wa askari waliotoka Sudan karne ya 19, kwa kitenzi *rua*, "kwenda":

*Ana rua*: nilienda.
*Ana gi-rua*: ninaenda.
*Ana kan gi-rua*: nilikuwa ninaenda.
*Ana kan bi-rua*: ningeenda.

Soma mistari hiyo tena polepole. Kitenzi kikiwa uchi, bila neno lolote mbele yake, kinaeleza jambo lililokwisha kutendeka. Lakini kitenzi cha hali, kama kujua, kikiwa uchi kinaeleza sasa: *mwen konnen* na *ana arufu* yote ni "najua". Kuna kijineno cha wakati uliopita (*te*, ambacho kinafupika kuwa *t*, na *kan*), kijineno cha tendo linaloendelea (*ap* na *gi*), na kijineno cha lisilotendeka bado (*a* au *va* kwa Haiti, *bi* kwa Kinubi). Vikikaa pamoja, cha wakati uliopita hutangulia na cha tendo linaloendelea hukaa karibu na kitenzi. Zaidi ya hayo, cha uliopita kikiungana na cha lisilotendeka bado, zote mbili hupata maana ya "-nge-": *te* na *a* huwa *ta*, na *kan bi* hufanya kazi ile ile. Hakuna Mhaiti aliyemfundisha Mnubi. Hapa ndipo msomaji wa Bickerton huweka kitabu chini na kusema kesi imekwisha.

Haijaisha, kwa sababu hatujauliza maswali matatu: je, lugha iliyotoa msamiati ilikuwa na kitu hicho? Je, lugha za wale waliounda krioli zilikuwa nacho? Na je, lugha nyingine za dunia ambazo si krioli zinacho kwa wingi? Umbo likijibiwa na mojawapo ya maswali haya, huwezi tena kulitumia kama ushahidi wa sarufi maalumu ya krioli.

Anza na lugha iliyotoa msamiati, na hapa kosa la kawaida ni kufungua kitabu cha sarufi ya shule. Mtumwa wa Saint-Domingue, koloni lililokuja kuwa Haiti na ambalo Ufaransa ilikabidhiwa rasmi mwaka 1697, hakufundishwa Kifaransa cha kitabuni. Alisikia lahaja za mabaharia na vibarua, na katika lahaja hizo mtu anayekula alisema *je suis après manger*, msemo ambao bado uko hai Louisiana na Quebec. *Ap* imetoka katika *après* hiyo, ikiwa tayari iko kabla ya kitenzi. *Va* ni ya "kwenda" katika *il va manger*, nayo iko kabla ya kitenzi. *Te* imetoka katika *été* au *était*, maumbo ya "kuwa". Nenda kwenye Kiarabu cha Sudan: *kan* ni "alikuwa", na *gi* wengi huihusisha na *gaid*, "amekaa", ambalo Wasudani hulitanguliza kwenye kitenzi kusema tendo linaendelea. Mpangilio wa "alikuwa", kisha "amekaa", kisha kitenzi, uko ndani ya Kiarabu chenyewe. Kwa hiyo nafasi ya vijineno mbele ya kitenzi na sehemu ya mpangilio wake haikubuniwa na mtoto yeyote, ilirithiwa.

Tazama kitu kimoja kwa karibu zaidi. *Te* ni "kuwa". *Kan* ni "kuwa". Krioli ya Hawaii ilitumia *bin*, ambayo pia ni "kuwa" ya Kiingereza. Sasa jisikilize wewe mwenyewe ukisema "nilikuwa ninasoma": umetanguliza "kuwa" iliyobeba wakati uliopita, ukafuatisha tendo linaloendelea likiwa limeshikana na kitenzi. Kiswahili si krioli. Ni lugha ya Kibantu yenye ngeli zake na viambishi vyake, ingawa kuna waliowahi kukiita hivyo kwa kuangalia tu wingi wa maneno ya Kiarabu. Bado kinapanga mambo haya kwa utaratibu ule ule. Ndivyo pia kwa vijineno vingine: tendo linaloendelea hutokana mara nyingi na neno la mahali au la kukaa (*gaid* kwa Kinubi, *stei* ya Hawaii kutoka "kukaa" ya Kiingereza), na wakati ujao hutokana na kwenda au kutaka, kama "-ta-" yetu inayohusishwa na "taka". Hizi ni njia ambazo maneno hupita kugeuka vijineno vya sarufi katika lugha za kila bara. Hata ile maana ya "-nge-" inayotokana na wakati uliopita kuungana na ujao iko katika *would* ya Kiingereza, ambayo ni wakati uliopita wa *will*.

Swali la pili, la lugha za waliounda krioli, tulipime kwa kitenzi kilicho uchi, na hili ndilo lililonivutia zaidi kila nilipolifundisha. Mtu anayejua Kifaransa tu ataona ajabu kwamba *mwen manje* ni jambo lililopita lakini *mwen konnen* ni la sasa. Mtu anayejua Kiyoruba hataona ajabu hata kidogo: *mo lọ* ni "nilienda" na *mo fẹ́* ni "nataka", vitenzi vyote viwili vikiwa uchi. Kifon cha Benin hufanya hivyo hivyo, na watu waliopelekwa Haiti kutoka pwani hiyo walikuwa wengi. Mwanaisimu Claire Lefebvre alijenga juu ya mifanano ya aina hii nadharia nzima, aliyoichapisha kitabuni mwaka 1998, kwamba Krioli ya Haiti ni sarufi ya Kifon iliyovishwa maneno ya Kifaransa.

Nadhani alivuta kamba mno. Kifon kinapotaka kusema tendo linaendelea hukiweka kitenzi kati ya maneno mawili na kutanguliza yambwa mbele ya kitenzi, kana kwamba tungesema "niko chakula kula". Haiti haikuchukua hata chembe ya mpangilio huo. *Ap* inafuata njia ya Kifaransa. Wahaiti wa kwanza hawakuhamisha sarufi nzima nzima. Walichukua kutoka kila upande, na hasa pale pande mbili zilipokutana.

Lakini Kinubi hakina Kiyoruba wala Kifon nyuma yake, na bado kitenzi chake uchi kinafuata kanuni ile ile. Sitaki kuupunguza uzito huo. Huu ndio ushahidi bora walio nao watetezi wa kufanana. Swali la tatu ndilo linaloujibu. Lugha isipoweka alama yoyote kwenye kitenzi, msikilizaji huchukua tafsiri iliyo nyepesi zaidi. Tendo kama kwenda lina mwisho, hivyo likitajwa tupu huchukuliwa limekwisha. Hali kama kujua haina mwisho wake yenyewe, hivyo ikitajwa tupu huchukuliwa ipo. Sababu hii ni ya maana ya vitenzi, na hufanya kazi popote pasipo na alama ya lazima, iwe lugha ina miaka 200 au haina anayejua umri wake. Kiyoruba chenyewe ni shahidi.

Baada ya kuona vinavyofanana, tafuta vinavyokataa, kwa sababu watetezi wa kila upande huvipitia haraka. Bickerton alitabiri kijineno kimoja kwa tendo linaloendelea na la mazoea pamoja. Kinubi kinatii: *gi* hufanya kazi zote mbili. Haiti haitii. *Ap* haielezi mazoea, ambayo hutumia kitenzi uchi au *konn* (*li konn vini*, "huwa anakuja"), na *ap* hiyo hiyo hutumika kwa wakati ujao: *m ap vini demen* ni "nitakuja kesho". Krioli ya Cabo Verde inavunja kanuni nyingine. *N ta kanta* ni "huwa naimba", na *N ta kantaba* ni "nilikuwa naimba". Alama ya wakati uliopita, *-ba*, imeshikwa mwishoni mwa kitenzi, mahali ilipo *-va* ya Kireno *cantava*. Kisha kuna krioli ya Kiholanzi ya Berbice, katika Guyana ya leo, ambayo imeshakufa. Ilikuwa na kiambishi tamati cha wakati uliopita, *-te*, na cha wingi, *-apu*, vyote kutoka Kiijo cha mashariki cha Nijeria. Kwa nini hapo viambishi vilipona? Kwa sababu sehemu kubwa ya waliounda lugha hiyo walikuwa na lugha moja ya Kiafrika. Mahali penye lugha 10 tofauti, kiambishi cha mmoja hakimsaidii mwingine, hivyo kinadondoka. Mahali penye lugha moja kinabaki. Historia ya watu ndiyo inayoamua.

Hawaii nayo, iliyokuwa nguzo, ilitikisika. Sarah Roberts alichimbua magazeti na kumbukumbu za mahakama za visiwa hivyo, na katika kazi yake ya mwaka 1998 na zilizofuata akaonyesha kwamba watoto wa kwanza kuzaliwa huko hawakuwa wamekosa lugha. Walisema lugha za wazazi wao nyumbani na pijini nje. Krioli ilishikamana hasa katika kizazi kilichofuata, na maumbo yake kadhaa yalikuwa yanachipua tayari kwa watu wazima. Mtoto asiye na kitu cha kuiga, ambaye nadharia nzima ilimtegemea, hakuonekana kwenye nyaraka.

Toleo la pili la dai lilikuja na John McWhorter mwaka 1998. Yeye aliacha kutafuta kilichomo na kutazama kisichokuwemo: krioli halisi, alisema, zina viambishi vichache au hazina kabisa vya aina ya umoja na wingi au nafsi; hazitumii toni kutofautisha maneno ya silabi moja wala kujenga sarufi; na viambishi vyao vya kuunda maneno vina maana iliyonyooka. Hili ni dai bora kuliko la Bickerton kwa sababu lina chanzo kinachoeleweka: mtu mzima anayejifunza lugha kwa haraka huangusha viambishi. Lina matatizo mawili. Kwanza, hesabu ya kilichoanguka hufanywa mara nyingi kwa maandishi. *Parle*, *parles* na *parlent* ni maumbo matatu kwenye karatasi lakini sikio husikia moja, kwa hiyo Mhaiti hakupoteza yote tunayodhani alipoteza. Pili, vipo visivyokaa ndani ya boksi. Kinubi hujenga kauli ya kutendwa kwa kuhamisha mkazo: *kúruju* ni "lima", *kurujú* ni "limwa". Wengine huita shadda, wengine toni, lakini ni sauti inayofanya kazi ya kiambishi chetu "-w-". Krioli ya Morisi ina kitenzi cha maumbo mawili, *manze* kikisimama peke yake na *manz* kikifuatwa na yambwa, mgawanyo ambao Kifaransa hakina. Michel DeGraff, mwanaisimu wa Kihaiti, amepinga kwa muda mrefu tabia ya kuzitafutia krioli kapu lake la pekee, na kwa hoja za data naona yuko sawa.

Halafu zikaja kompyuta. Mwaka 2011 Peter Bakker na wenzake walichora mitandao ya kufanana kwa lugha, na krioli zikajikusanya upande mmoja mbali na nyingine. Picha ilivutia. Tatizo lilikuwa kwenye kikapu cha sifa: sehemu muhimu ya data ilitoka katika orodha iliyoandaliwa kwa kuangalia mambo ambayo krioli, hasa za Atlantiki, zilikuwa zinajulikana kwayo. Ukipima watu kwa maswali uliyoyatunga baada ya kuitazama familia moja, familia hiyo itajitokeza. Mwaka 2013 ilichapishwa atlasi kubwa ya lugha 76 za aina hii na sifa 130, na kazi ikawa rahisi zaidi. Damián Blasi, Susanne Michaelis na Martin Haspelmath wakalinganisha mwaka 2017 krioli 48 na lugha 111 zisizo krioli. Matokeo yao yanajibu swali lako karibu neno kwa neno: sura ya krioli inaonekana kitakwimu, lakini inatokana na krioli nyingi kuzaliwa pale lugha za Ulaya ya magharibi zilipokutana na za Afrika Magharibi. Wazazi wanafanana, watoto wanafanana.

Ukitaka kupima mwenyewe, chukua sifa moja tu na uibane. Andika sentensi nne kama zile za juu, kwa kitenzi cha tendo na kitenzi cha hali, bila kutegemea tafsiri ya Kiingereza au Kifaransa, kwa maana tafsiri huingiza njeo ambazo hazimo. Angalia nani aliyesema sentensi hizo: msemaji aliyesoma sana katika lugha iliyotoa msamiati huchanganya maumbo, na utadhani umepata kanuni kumbe umepata mazungumzo ya mjini. Kisha hesabu mashahidi kwa haki. Krio ya Sierra Leone, Pijini ya Nijeria na Krioli ya Jamaika zina historia inayoingiliana. Zikikubaliana juu ya *bin* au *go*, hao si mashahidi watatu waliotoka njia tatu. Weka krioli moja ya Kifaransa, moja ya Kiarabu kama Kinubi, na moja ambayo msamiati wake ni wa Kiafrika, kama Kisango cha Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kufanana kukipungua baada ya kufanya hivyo, ulichokuwa unakiona kilikuwa ukoo. Kukibaki, nenda kwenye lugha zisizo krioli kabla ya kukipa jina, na usiiache lugha unayoisema mwenyewe: "nilikuwa ninasoma" ingeweza kukuepusha na nusu ya safari.